Kipimapembe Huhesabu Nini? Uhakiki wa Somo la Hatua Nne na Makosa ya Usomaji Katika Sekondari ya Awali

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna upimaji wa pembe kwa kipimapembe unavyofundishwa katika miaka ya mwanzo ya sekondari. Somo lililozoeleka humpa mwanafunzi hatua nne za kufuata, na kosa likitokea huitwa uzembe. Makala inadai kuwa makosa makuu ya usomaji si uzembe. Yana mpangilio, kila moja lina sababu yake, na mengi hutokana na somo lenyewe: hatua zake, michoro yake na kitenzi “soma” kinachozihitimisha. Kwa kuchambua pembe moja ya nyuzi 128 na majibu matatu yaliyotolewa darasani, makala inaonyesha jinsi jibu lisilo sahihi linavyoweza kufichua sababu yake, na jinsi pembe iliyoteuliwa vibaya inavyoweza kuificha. Mwisho inapendekeza mabadiliko machache katika vitabu, mitihani na mafunzo ya walimu, pamoja na kueleza mipaka ya mapendekezo hayo.

1. Utangulizi

Darasa ninaloanzia lilikuwa la mwaka wa saba wa elimu ya msingi, mashariki mwa Kongo. Huo ndio mwaka ambao mwanafunzi wa nchi ile huingia katika ngazi inayolingana na sekondari ya awali ya majirani zake. Mwalimu alifundisha kwa Kifaransa, lakini wanafunzi walipogeukiana kulinganisha majibu walizungumza Kiswahili. Mimi niliketi nyuma kama mwangalizi. Ubaoni palikuwa na pembe moja, mkono wake mmoja ukiwa mlalo na kuelekea kulia, mkono wa pili ukipanda na kuinamia kushoto. Kila mwanafunzi alipewa nakala ya mchoro huo katika karatasi. Pembe ilikuwa ya nyuzi 128.

Wengi walipata 128. Wachache walipata 52, na wawili walipata 132. Mwalimu aliwasahihisha wote kwa sentensi moja: waangalie vizuri. Nilipopita baina ya madawati, mmoja wa wale waliopata 52 aliniambia, “Mwalimu, niliangalia vizuri. Namba niliyoiona ni hiyo.” Alikuwa akisema kweli. Pale mkono wa pili wa pembe ulipopita chini ya plastiki, namba 52 ilionekana bayana, kama ilivyoonekana 128. Kipimapembe kilimwonyesha namba mbili, na somo halikuwa limempa sababu ya kuikataa mojawapo.

Tukio hilo dogo ndilo kiini cha uhakiki huu. Swali ninalouliza si kwa nini wanafunzi hawaangalii vizuri, bali ni nini hasa tunawaambia waangalie.

2. Somo la hatua nne

Mafundisho ya kipimapembe, katika vitabu vya nchi zetu na hata nje yake, yamekuwa na umbo moja kwa muda mrefu. Mwanafunzi huambiwa: kwanza, weka kitovu cha kipimapembe juu ya kipeo cha pembe, pili, linganisha mstari wa sifuri na mkono mmoja wa pembe, tatu, tazama mahali mkono wa pili unapokata ukingo wenye namba, nne, soma namba. Kisha hufuata zoezi la pembe kadhaa.

Hatua hizi ni sahihi. Anayezifuata kwa uelewa hupata jibu. Udhaifu wake ni kwamba zinamfaa yule ambaye tayari anajua pembe ni nini na kwamba kipimapembe ni duara lililokatwa nusu na kugawanywa sehemu 180 zilizo sawa. Kwa asiyejua hayo, hatua tatu za kwanza ni za kupanga vitu mahali pake, na hatua ya nne ni ya kunakili namba. Hakuna hatua inayomtaka ahesabu chochote. Hakuna inayomtaka aseme kipimo kimeanzia wapi na kimeishia wapi. Hivyo anaweza kutimiza hatua zote nne bila kupima.

Kitenzi “soma” kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Katika urefu, mwanafunzi aliyezoea rula naye huambiwa asome, na mara nyingi hupata jibu sahihi kwa sababu rula ina safu moja ya sentimita, inayoanzia kushoto na kukua kwenda kulia. Kipimapembe cha kawaida kina safu mbili. Kwenye vipimapembe vingi, safu ya ndani huanza na sifuri upande wa kulia na kukua kwenda kushoto, kinyume cha mwelekeo wa saa. Safu ya nje huanza na sifuri upande wa kushoto na kukua kwenda kulia. Katika kila alama, namba mbili zinazokutana zinajumlika kuwa 180. Mtu anayeamini kuwa kupima ni kusoma namba iliyo mahali fulani hawezi kuchagua baina ya namba hizo. Anayejua kwamba kupima ni kuhesabu kutoka sifuri hana cha kuchagua: anaanza kwenye sifuri iliyo juu ya mkono wa kwanza na kufuata safu hiyohiyo hadi mkono wa pili.

Lugha yenyewe ina sehemu yake katika tatizo hili. Neno “pembe” ni la mnyama kwanza. Baadaye likawa la nyumba, la chumba na la meza. Tunaposema mtoto amejificha pembeni, tunataja mahali. Maana hizo zote zinaelekeza jicho kwenye ncha, yaani pale mikono miwili inapokutana, wala si kwenye nafasi iliyo baina ya mikono hiyo. Jambo hili si aibu ya Kiswahili peke yake. Neno la Kifaransa linalotumika darasani Kongo na Burundi nalo hutaja kona ya barabara. Lakini mwalimu asiyelijua atashangaa kumwona mwanafunzi akisema kwamba pembe yenye mikono mirefu ni kubwa kuliko yenye mikono mifupi, ilhali zote mbili ni nyuzi 40. Mwanafunzi huyo analinganisha vitu viwili anavyoviona. Bado hajaambiwa kwamba kinachopimwa ni kiasi cha kugeuka kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

3. Uchambuzi wa pembe moja

Turudi kwenye nyuzi 128. Mkono wa kwanza unaelekea kulia, hivyo sifuri inayohusika ni ya safu ya ndani. Mkono wa pili unapita baina ya alama ya 120 na ya 130 za safu hiyo, vistari viwili kabla ya kufika 130.

Jibu la 52 ni rahisi kulieleza. Mwanafunzi amefuata safu ya nje. Amekosea safu, lakini ndani ya safu hiyo amehesabu kwa usahihi, kwani 180 kutoa 128 ni 52. Kosa hili lina alama isiyofichika: jibu lake na jibu sahihi hujumlika kuwa 180. Mwalimu anayesahihisha daftari anaweza kulitambua bila kumwona mwanafunzi akipima.

Jibu la 132 ndilo lililonifunza zaidi, kwa sababu wanafunzi wawili walilipata kwa njia mbili zisizofanana. Nilimwomba wa kwanza apime tena mbele yangu. Aliweka kipimapembe vizuri kabisa. Aliiona 130 ya safu ya ndani, akaona kwamba mkono wa pili umepita vistari viwili upande wa kulia wa alama hiyo, akaongeza viwili. Kwenye rula, kwenda kulia ni kuongezeka, na kwenye safu ya nje ya kipimapembe pia kwenda kulia ni kuongezeka. Alichukua namba ya safu ya ndani na mwelekeo wa safu ya nje. Kama angekuwa ameanzia kwenye sifuri, angepita 100, 110 na 120 akielekea kushoto, na asingeweza kufika 132 kabla ya kuvuka 130. Yeye alianzia kwenye namba iliyo karibu na jibu.

Mwanafunzi wa pili alisoma safu sahihi kwa mwelekeo sahihi. Kosa lake lilikuwa chini, mahali ambapo hakuna namba. Katika vipimapembe vingi vya plastiki mstari wa sifuri hauko kwenye ukingo wa chini. Uko milimita kadhaa juu yake, na kitovu ni kialama au kitundu kidogo katikati ya mstari huo. Mwanafunzi huyu aliuegemeza ukingo wa plastiki kwenye mkono mlalo, kama anavyoegemeza rula, akaweka katikati ya ukingo huo kwenye kipeo. Kitovu cha kweli kikawa juu ya kipeo. Kipimapembe alichokuwa nacho kilikuwa na nafasi ya takribani milimita 5 baina ya ukingo na mstari wa sifuri, na umbali wa takribani milimita 45 kutoka kitovu hadi kwenye vistari. Kwa vipimo hivyo kosa linaweza kukokotolewa: sini ya tofauti baina ya pembe ya kweli na pembe iliyosomwa ni sawa na 5 gawanya kwa 45, mara kosini ya pembe ya kweli. Kwa nyuzi 128 tofauti hiyo ni karibu nyuzi 4, na namba inayosomwa ni 132.

Kosa la ukingo lina tabia ambayo mwalimu anapaswa kuijua. Kwa pembe kali, namba inayosomwa huwa ndogo kuliko kweli: pembe ya nyuzi 40 husomwa kama 35. Kwa pembe butu huwa kubwa: nyuzi 120 husomwa kama 123. Kwa pembe mraba kosa hupotea kabisa, kwa sababu kosini ya nyuzi 90 ni sifuri. Yaani mwalimu anayejaribu darasa lake kwa pembe mraba, kama wengi wanavyofanya kwa kuwa ndiyo pembe rahisi, atawaona wanafunzi wote wakipata 90 na kuamini kwamba wote wanajua kuweka chombo. Safu mbili nazo zinakutana hapo hapo, 90 juu ya 90. Pembe mraba ndiyo mfano wa kwanza katika masomo mengi, nayo ndiyo pembe pekee inayoficha kosa la safu na kosa la ukingo kwa pamoja.

Laiti mwalimu angechagua nyuzi 126 badala ya 128, makosa yangetengana. Aliyekosea safu angepata 54. Aliyechukua mwelekeo wa safu isiyo yake angehesabu vistari vinne kulia kwa 130 na kupata 134. Aliyeegemeza ukingo angepata karibu 130. Majibu matatu, sababu tatu. Tofauti ya nyuzi mbili tu katika uteuzi wa pembe ingeligeuza zoezi lisilosema chochote kuwa uchunguzi wa kweli.

4. Michoro na miiko ya kitabu

Hadi hapa nimezungumzia chombo na hatua. Sasa nigeukie mchoro, ambao kwa maoni yangu una lawama kubwa kuliko mwanafunzi.

Pembe zinazochorwa ubaoni na vitabuni hufanana sana. Mkono wa kwanza ni mlalo. Unaelekea kulia. Pembe inafunguka kwa juu. Mwanafunzi anayekutana na pembe ishirini za namna hii hujifunza kanuni ambayo hakuna aliyemfundisha: kwamba safu ya ndani ndiyo safu ya kusoma. Kanuni hiyo inampa majibu sahihi kwa juma zima. Siku atakapoletewa pembe ambayo mkono wake mlalo unaelekea kushoto, atasoma safu ya ndani kama alivyozoea na kukosa, kisha tutasema amesahau. Hajasahau. Amekumbuka kile ambacho mazoezi yetu yalimzoesha.

Lipo pia suala la urefu wa mikono. Ikiwa kutoka kitovu hadi vistari kuna milimita 45, basi mkono wa pembe wenye sentimita 3 hauvifikii. Mwanafunzi lazima aurefushe. Hatua nne hazisemi hivyo, na hata zingesema, kitabu ni mali ya shule na mwanafunzi amekatazwa kuchora ndani yake. Anabaki kukadiria kwa jicho mahali ambapo mkono ungefika, naye anapishana na kweli kwa nyuzi kadhaa, pengine zaidi. Kosa hili halina alama maalumu kama yale mengine. Majibu hutawanyika huku na huku. Tunapoona darasa zima limetawanyika kwa pembe moja na kukubaliana kwa nyingine, tuangalie kwanza urefu wa mistari iliyochapishwa kabla ya kuyalaumu macho ya watoto.

Tiba ya papo hapo ni nyepesi. Mwanafunzi anaweza kulaza ukingo wa karatasi iliyokunjwa juu ya mkono mfupi, ukingo huo ukaendelea hadi kwenye vistari bila kuchafua kitabu. Tiba ya kudumu iko mikononi mwa wachapishaji: pembe ya kupimwa ichapishwe na mikono isiyopungua sentimita 6. Hapa gharama ni ya nafasi katika ukurasa, nayo ni afadhali kuliko zoezi lisiloweza kufanyika.

5. Kuanzia kwenye kugeuka: hoja na mipaka yake

Wakosoaji wa somo la hatua nne kwa kawaida hupendekeza kwamba tuanze na kugeuka. Mwanafunzi asimame, ageuke robo ya mzunguko, ageuke nusu, aangalie mlango unavyofunguka na mshale wa saa unavyozunguka, kisha ndipo aguse kipimapembe. Nakubaliana na msingi wa pendekezo hilo, lakini halitoshi kama linavyotolewa.

Utafiti wa Michael Mitchelmore na Paul White, uliochapishwa mwaka 2000 katika jarida la Educational Studies in Mathematics, unatupa tahadhari. Walionyesha kwamba watoto hutambua pembe kwa wepesi pale mikono yote miwili inapoonekana, kama katika mkasi au kona ya ukuta. Hali huwa ngumu pale mkono mmoja tu unapoonekana, kama mlango unaofunguka, na ngumu zaidi pale ambapo hakuna mkono unaoonekana, kama gurudumu linalozunguka. Kwa maneno mengine, mwanafunzi anayegeuka robo ya mzunguko uwanjani hana sababu ya kuona kwamba alichokifanya kwa mwili ni kitu kilekile kinachochorwa kwa mistari miwili daftarini. Mwalimu anaweza kutumia kipindi kizima cha michezo ya kugeuka, akarudi kwenye hatua nne, na makosa yaleyale yakarudi pamoja naye.

Kinachokosekana ni daraja baina ya kugeuka na chombo. Ninalolipendekeza ni kipimapembe cha karatasi kisicho na namba. Mwanafunzi hukata nusu duara, akaikunja katikati, akaikunja tena na tena. Baada ya mikunjo mitatu na kuikunjua, anapata vipande 8 vilivyo sawa. Anakiweka chombo hicho kwenye pembe na kujibu swali moja tu: baina ya mikono hii miwili vimo vipande vingapi? Hakuna namba ya kunakili. Analazimika kuhesabu, na ili ahesabu lazima achague mkono wa kuanzia. Pembe mraba inakuwa vipande 4. Pembe ya darasa la Kongo inakuwa zaidi kidogo ya vipande 5 na nusu.

Hapo mambo mawili hujitokeza yenyewe. La kwanza ni haja ya vipande vidogo zaidi, kwa kuwa “zaidi kidogo” haitoshi kwa mtu anayetaka kuchora pembe ileile mahali pengine. Uzi mmoja wa pembe sasa una maana: ni kipande kimoja kati ya vipande 180 vya nusu duara, na kipande cha karatasi kilikuwa na nyuzi 22 na nusu. La pili ni haja ya namba. Mwambie mwanafunzi aandike namba kwenye mikunjo yake ili asihesabu upya kila mara. Ataanza kulia, 0, 1, 2, hadi 8. Mpe sasa pembe ambayo mkono wake mlalo unaelekea kushoto. Namba zake hazimsaidii, mpaka aandike safu ya pili inayoanzia kushoto. Safu mbili zilizokuwa fumbo kwenye plastiki amezitunga mwenyewe, na anajua kwa nini zipo: zipo kwa sababu pembe inaweza kuanziwa upande wowote.

Mipaka ya njia hii isifichwe. Inachukua vipindi viwili pale ambapo ratiba imeruhusu kimoja. Karatasi ikikunjwa ovyo vipande havilingani, na mwalimu wa darasa lenye wanafunzi wengi hawezi kukagua kila mkunjo. Tena, haiondoi kosa la ukingo, kwa sababu nusu duara ya karatasi haina plastiki ya ziada chini ya mstari wa sifuri. Kwa hakika inaweza kumzoesha mwanafunzi kutumia ukingo. Siku ya kuhama kutoka karatasi kwenda plastiki mwalimu hana budi kuonyesha tofauti hiyo kwa kidole: hapa ndipo plastiki inapoishia, na hapa, juu kidogo, ndipo sifuri ilipo.

6. Ukaguzi wa “kali au butu” na ukaguzi wa pembetatu

Walimu wengi wana kinga moja dhidi ya kosa la safu. Humwambia mwanafunzi atazame pembe kwanza aseme ni kali au butu, kisha akatae namba isiyolingana. Kinga hii ni nzuri na isiachwe. Ingelimwokoa yule aliyeandika 52. Lakini inafanya kazi kwa jicho tu, na jicho lina kikomo. Kwa pembe ya nyuzi 88, safu isiyo sahihi inatoa 92. Hakuna mwanafunzi, wala mwalimu, atakayezitenganisha kwa kutazama. Anayetegemea “kali au butu” peke yake ana kiraka juu ya kosa. Anayehesabu kutoka sifuri hana haja ya kiraka, ingawa anaweza kukitumia kama ushahidi wa pili.

Ukaguzi unaotoa habari zaidi ni wa pembetatu. Chukua pembetatu yenye pembe za nyuzi 40, 60 na 80. Mwanafunzi anayepima vizuri anapata jumla ya 180, au karibu sana nayo. Aliyekosea safu kwenye pembe ya kwanza anaandika 140, na jumla yake inaruka hadi 280. Aliyeegemeza ukingo wa kipimapembe tulichokieleza anasoma takribani 35, 57 na 79, na jumla yake ni 171. Kwa chombo cha vipimo hivyo, kosa la ukingo likirudiwa kwenye pembe zote tatu, jumla hupungua daima, kwa kiasi cha nyuzi 6 hadi karibu 10, pembetatu iwe ya umbo lolote. Basi jumla iliyoruka mbali ni dalili ya safu. Jumla iliyopungua kidogo, tena katika kila pembetatu ya mwanafunzi huyohuyo, ni dalili ya ukingo. Na jumla zinazopanda na kushuka bila utaratibu zinaelekeza kwenye mikono mifupi au mkono unaotetemeka.

Hapa lazima nitaje desturi moja inayoharibu ushahidi huu. Mwanafunzi akishajua kwamba jumla ni 180, hupima pembe mbili na kutoa ya tatu kwa hesabu, au hurekebisha 171 iwe 180 kabla ya kupeleka daftari. Anafanya hivyo kwa sababu jumla isiyo 180 humletea mkwaju wa kalamu nyekundu. Mwalimu anayetaka kuona makosa sharti aahidi, na atimize ahadi, kwamba kipimo kilichoandikwa kama kilivyosomwa hakitaadhibiwa. Vinginevyo, jumla zote zitakuwa 180 na hakuna atakayejua nani anajua kupima.

7. Maana yake kwa watunga sera

Katika nchi za eneo letu, mitaala ya ngazi hii imekuwa ikibadilishwa. Uganda ilianza mtaala mpya wa sekondari ya awali mwaka 2020, na Kenya ilipokea wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 7 katika mfumo wake mpya mwaka 2023. Mitaala hiyo inazungumza lugha ya umahiri, yaani kile mwanafunzi anachoweza kufanya. Kwa mada yetu, swali la haki ni hili: tunaupimaje umahiri wa kupima pembe? Ikiwa mtihani unatoa pembe moja, mkono mlalo kuelekea kulia, na alama moja kwa jibu sahihi, basi unapima kama mwanafunzi amezoea safu ya ndani. Alama hiyo hiyo atainyimwa aliyepata 52, aliyepata 132 kwa mwelekeo, aliyepata 132 kwa ukingo, na aliyekisia. Kwa mtahini wote wanne ni sawa. Kwa mwalimu atakayewapokea mwaka ujao, hawafanani hata kidogo.

Ninapendekeza mambo matatu, yote yakiwa ndani ya uwezo wa taasisi zilizopo. Kwanza, masharti ya kuidhinisha vitabu yataje michoro ya pembe: mikono isiyopungua sentimita 6, na angalau nusu ya pembe zisiwe na mkono mlalo unaoelekea kulia. Pili, maswali ya mtihani yateue pembe ambazo makosa yake yanatengana, kama 126, na mwongozo wa kusahihisha uorodheshe majibu yanayotarajiwa kwa kila kosa, ili ripoti ya watahini iseme ni kosa gani limeenea badala ya kusema kwamba wanafunzi walifanya vibaya katika jometri. Tatu, vyuo vya ualimu vimtake mwalimu tarajali aeleze, kwa maneno yake na kwa lugha atakayoitumia darasani, kwa nini kipimapembe kina safu mbili za namba. Asiyeweza kueleza hilo atafundisha hatua nne, kwa kuwa hana kingine cha kufundisha.

8. Hitimisho

Nimejitahidi kuonyesha kwamba jibu la 52 kwa pembe ya nyuzi 128 lina sababu, na kwamba sababu hiyo iko katika somo kabla ya kuwa katika mwanafunzi. Somo la hatua nne halina uongo ndani yake. Lina pengo: halisemi kinachohesabiwa ni nini, wala kinaanzia wapi. Mwanafunzi hulijaza pengo hilo kwa alichonacho, yaani mazoea ya rula, mwelekeo wa kulia, ukingo wa plastiki, namba iliyo karibu na jicho. Kila kimoja kati ya hivyo kinatoa kosa lake linalotambulika.

Yule aliyeniambia kwamba namba aliyoiona ni hiyo, nilimwomba aweke kidole kwenye sifuri iliyo juu ya mkono wa kwanza, kisha akisogeze kwenye safu hiyohiyo hadi mkono wa pili, akizitaja namba kwa sauti. Alianza kulia: kumi, ishirini, thelathini. Alipovuka tisini alisita, akaitazama 52 aliyokuwa ameiandika, akaendelea. Alipofika alifuta jibu lake bila kuambiwa. Kisha akauliza kama ile namba nyingine iliwekwa hapo kwa ajili ya nini. Swali hilo lilipaswa kuwa mwanzo wa somo, nalo liliulizwa kengele ikilia.